Hisa ilipanda wiki nzima, opsheni ikaisha bila thamani: uchambuzi wa kisa

Ijumaa moja jioni, dakika chache baada ya soko kufungwa, nilipata ujumbe kutoka kwa kijana niliyekuwa nikimsaidia kujifunza biashara ya hisa. Aliandika: "Kaka, hisa imepanda siku zote tano. Nilisema itapanda, ikapanda. Mbona nimepoteza kila kitu?"

Swali hilo ndilo kisa chenyewe. Kijana hakukosea upande. Nimepitia kumbukumbu za akaunti yake mstari kwa mstari, pamoja na ujumbe tulioandikiana, na ninaeleza hapa jinsi mtu anavyoweza kuwa sahihi mara mbili mfululizo na bado asipate hata senti.

Jina lake nimeliacha, na kampuni pia sitaitaja. Bei zote nimezipima upya ili hisa ianzie dola 200, na bei za opsheni nimezikokotoa kwa mtikisiko wa bei usiobadilika, asilimia 32 kwa mwaka, ili kazi ya muda ionekane peke yake bila kuchanganywa na mambo mengine. Uwiano wa faida na hasara ni ule ule alioupata.

## Usuli

Ni kijana wa miaka ya ishirini, mkazi wa jiji kubwa, mwenye kazi ya mchana inayomlipa mshahara. Kwa mwaka mmoja hivi alikuwa akinunua na kuuza hisa za Marekani kupitia dalali wa mtandaoni. Alikuwa mwangalifu. Alisoma taarifa za fedha za kampuni kabla ya kununua, hakukopa, na akaunti yake ilikuwa imekua hadi dola 4,000.

Kilichomvuta kwenye opsheni ni hesabu rahisi. Alikuwa ameifuatilia kampuni moja kwa miezi, akaamini kwamba hisa yake itatoka dola 200 na kupita 210 ndani ya wiki chache. Kwa dola 4,000 angeweza kununua hisa 20 tu, na ongezeko la dola 10 lingempa dola 200. Opsheni ilionekana kumpa nafasi ya kushika hisa mia kadhaa kwa dola mia kadhaa.

Kwa asiyezijua: opsheni ya kununua ni haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa, inayoitwa bei ya makubaliano, kabla ya siku fulani kupita. Mkataba mmoja hubeba hisa 100, kwa hiyo opsheni iliyoandikwa dola 1.10 humgharimu mnunuzi dola 110. Siku ya kuisha, ikiwa hisa iko juu ya bei ya makubaliano, opsheni ina thamani ya tofauti hiyo. Ikiwa iko chini, hata kwa senti moja, opsheni haina thamani yoyote. Opsheni za wiki moja, ambazo Soko la Opsheni la Chicago lilianza kuziorodhesha mwaka 2005, hufanya kazi vivyo hivyo, ila maisha yake ni siku chache.

Naomba msomaji ashike neno moja katika imani ya kijana: *ndani ya wiki chache*. Hayo ndiyo maoni aliyokuwa nayo. Alichokwenda kununua ni kitu kinachokufa baada ya siku tano.

## Wiki ya kwanza

Jumatatu asubuhi, hisa ikiwa dola 200, alinunua mikataba 4 ya opsheni ya kununua yenye bei ya makubaliano ya dola 207, itakayoisha Ijumaa. Kila moja ilikuwa dola 1.10. Alilipa dola 440.

Nilimuuliza baadaye kwa nini 207. Alisema opsheni ya 200 ilikuwa dola 3.60 hivi, akaona ni ghali, na ile ya 207 ilimwezesha kupata mikataba mingi zaidi kwa pesa ile ile. Kwa nini Ijumaa hii, na si ya mwezi ujao? Jibu lilikuwa lile lile: zile za mbali zilikuwa ghali. Katika maamuzi yote mawili alipima urahisi kwa bei iliyoandikwa, bila kuuliza bei hiyo inalipia nini.

Jumatatu ilifungwa hisa ikiwa 201. Imepanda dola moja, lakini opsheni imeshuka kutoka 1.10 hadi 1.05. Aliona, akadhani ni hitilafu ya programu ya simu. Aliniambia aliifunga akaifungua tena.

Jumanne mchana ndipo ulipokuja wakati ambao naurudia kila ninapokisimulia kisa hiki. Habari nzuri kuhusu sekta nzima ilitoka, hisa ikaruka hadi 204.40, na opsheni yake ikafika 1.85. Mikataba yake minne sasa ilikuwa na thamani ya dola 740. Alikuwa na faida ya dola 300 katika siku moja na nusu. Hakuuza. Alikuwa amejiwekea kichwani kwamba atauza zikifika dola 3, na alipoona kasi ile akaamini zitafika kesho yake. Kufikia jioni hisa ilirudi 202, opsheni ikafunga kwenye senti 95.

Jumatano hisa ilifunga 203, opsheni senti 80. Alhamisi hisa 203.50, opsheni senti 42. Ijumaa asubuhi hisa ilifunguliwa 205 na opsheni ikapanda hadi senti 75, akapata matumaini. Saa moja kabla ya soko kufungwa, hisa ikiwa 205.50, opsheni ilikuwa senti 15. Angeweza kutoka na dola 60. Alisema hazikuwa na maana kwake baada ya kuona 740.

Soko lilifungwa hisa ikiwa 205.50. Opsheni ya 207 ikawa sifuri.

Tazama namba mbili tu kati ya hizo. Jumanne mchana hisa ilikuwa 204.40 na opsheni dola 1.85. Ijumaa jioni hisa ilikuwa juu zaidi, 205.50, na opsheni haikuwa na kitu. Ikiwa msomaji ataelewa namba hizo mbili, ameelewa kisa chote, na yaliyobaki ni maelezo.

## Wiki ya pili

Hapa ndipo ninapodhani wengi hupotea, kwa sababu somo alilolipata wiki ya kwanza halikuwa somo sahihi. Alihitimisha kwamba aliingia mapema mno. Alikuwa amesoma mahali kwamba thamani ya opsheni huyeyuka zaidi siku za mwisho, akajipangia kwamba asubiri mpaka katikati ya wiki, opsheni ziwe zimeshayeyuka, kisha anunue kwa bei ya chini huku mwingine akiwa ameshabeba hasara ya muda.

Jumatano mchana, hisa ikiwa 206, alinunua mikataba 20 ya bei ya makubaliano 215, ya kuisha Ijumaa ile ile, kwa senti 25 kila moja. Jumla dola 500. Alinieleza kwamba kwa senti 25 "hakuna kilichobaki cha kuyeyuka".

Alhamisi mchana hisa ilikuwa 207. Imepanda dola moja kama alivyotarajia. Opsheni ilikuwa senti 12. Nusu ya pesa yake ilikuwa imeondoka ndani ya saa 24 wakati hisa ikielekea alikotaka. Alhamisi jioni, hisa ikiwa bado 207, opsheni ilikuwa senti 4. Ijumaa iliisha kwenye 207, na dola 500 zikafuata 440.

Siku kumi za soko, hisa imetoka 200 hadi 207, naye amepoteza dola 940, karibu robo ya akaunti.

## Uchambuzi: alichokuwa akinunua

Bei ya opsheni ambayo hisa bado haijafikia bei yake ya makubaliano haina kitu ndani yake ila uwezekano. Muuzaji anasema: hisa hii inaweza kusogea, na ikisogea vya kutosha kabla ya Ijumaa nitakulipa, kwa hiyo nilipe sasa kwa ajili ya uwezekano huo. Soko hukadiria ukubwa wa mwendo huo na kuuandika kama asilimia kwa mwaka, na ndio ule mtikisiko wa bei nilioutaja mwanzoni. Kwa hisa hii ilikuwa 32.

Kuipata siku moja kutoka kwenye mwaka, hugawanyi kwa idadi ya siku. Mwendo wa bei haujumlishwi siku kwa siku, kwa sababu siku nyingine hisa hupanda na siku nyingine hushuka, na sehemu ya mwendo hujifuta. Hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Mwaka una takriban siku 252 za soko, kipeuo chake ni karibu 16, na 32 ukigawa kwa 16 unapata asilimia 2. Kwa hisa ya dola 200 hiyo ni dola 4 kwa siku, juu au chini. Kwa siku tano ni dola 4 mara kipeuo cha 5, yaani takriban dola 9.

Sasa rudi Jumatatu asubuhi. Kijana analipa 1.10, kwa hiyo ili arudishe pesa yake Ijumaa hisa lazima ifike 208.10. Kwa soko, safari ya dola 8.10 ndani ya siku tano ilikuwa inawezekana, maana mwendo wa kawaida ulikuwa 9. Lakini bei hiyo imeshalipia siku tano za misukosuko ya dola 4. Alichokipata ni hisa iliyopanda taratibu, dola moja leo, dola moja kesho. Kwa mwenye hisa ni wiki njema sana, asilimia 2.75. Kwa mwenye opsheni ya 207 ni wiki tulivu kuliko ile aliyoilipia.

Tuigawanye Jumatatu yenyewe, maana hapo ndipo nilipomwonyesha kwa kalamu. Kama hisa ingebaki 200 siku nzima, opsheni ingeshuka kutoka 1.10 hadi senti 84. Hizo senti 26 ni za muda peke yake. Hisa ilipanda dola moja, na kupanda huko kukairudishia opsheni senti 21. Muda umechukua 26, bei imeleta 21, ndiyo maana akafunga kwenye 1.05. Programu ya simu haikuwa na hitilafu. Kwenye orodha ya opsheni kulikuwa na safu inayoitwa `Theta`, iliyokuwa ikionyesha hasi ya takriban robo dola kwa siku, na hakuwahi kuifungua.

Kwa maneno mengine, ili opsheni yake isimame tu palepale, bila faida wala hasara, hisa ilihitaji kupanda zaidi ya dola moja kila siku. Alikuwa kama mtu anayepanda ngazi inayoshuka.

## Uchambuzi: thamani inayeyuka lini

Aliposoma kwamba thamani huyeyuka zaidi siku za mwisho, hakusoma uongo. Alisoma kweli ambayo ina mipaka, na mipaka hiyo haikuandikwa.

Chukua opsheni ambayo bei yake ya makubaliano ni sawa na bei ya hisa, 200 kwa 200. Bei yake ni takriban sehemu 0.4 ya mwendo unaotarajiwa. Siku 16 za soko zikibaki, mwendo wa kawaida ni dola 16, na opsheni ni 6.40. Siku 4 zikibaki, mwendo ni dola 8, opsheni 3.20. Siku 1 ikibaki, mwendo ni dola 4, opsheni 1.60. Nusu ya kwanza ilichukua siku 12 kuondoka. Nusu iliyofuata ilichukua siku 3. Na ile 1.60 iliyobaki itaondoka yote ndani ya siku moja ikiwa hisa haitasogea. Kwa opsheni ya namna hii, msemo ule ni sahihi kabisa.

Opsheni ya mbali haifuati njia hiyo. Ile ya 215, hisa ikiwa 206, iliishi kwa kutegemea mwendo wa dola 9. Jumatano mchana zilibaki siku mbili na nusu, na mwendo wa kawaida wa muda huo ulikuwa dola 6.50. Dola 9 ni mbali, lakini si nje ya upeo. Uwezekano wa kumaliza juu ya 215 ulikuwa takriban 8 kati ya 100. Alhamisi mchana ilibaki siku moja na nusu, mwendo ukawa dola 5, na zile dola 9 zikawa karibu mara mbili yake. Umbali haukubadilika, muda wa kuufika ndio uliopungua. Kama hisa ingekaa 206 bila kusogea, senti 25 zingekuwa senti 8 ndani ya siku hiyo moja. Hisa ilipanda dola moja na kumrudishia senti 4 hivi, ndipo tukaona 12.

Kwa hiyo opsheni ya mbali huyeyuka kabla ya siku ya mwisho. Inapofika Ijumaa, `Theta` yake huonekana ndogo, senti mbili tatu, na mtu anaweza kudhani hatari imepita. Ni ndogo kwa sababu hakuna kilichobaki. Kijana aliona senti 25 akasema hakuna cha kuyeyuka, wakati theluthi mbili na zaidi ya kile alichokinunua kilikuwa kinaondoka kabla ya mchana wa kesho yake.

Namna ya kuitambua hali hii kabla ya kununua haihitaji kikokotoo maalum. Chukua asilimia ya mtikisiko iliyoandikwa kwenye orodha, igawe kwa 16, zidisha kwa bei ya hisa, kisha zidisha kwa kipeuo cha siku zilizobaki. Linganisha na umbali hadi bei ya makubaliano pamoja na bei uliyolipa. Ukiona umbali umezidi mwendo kwa kiasi kikubwa, huo uchache wa senti si urahisi. Ni bei halali ya jambo ambalo huenda lisitokee.

## Uchambuzi: ile Jumanne mchana

Ni rahisi kusema angeuza kwenye 1.85. Sipendi kumhukumu mtu kwa kile kilichotokea baadaye, kwa sababu hisa ingeweza pia kwenda 209 siku iliyofuata na leo tungekuwa tunamsifu kwa uvumilivu.

Ninachomlaumu ni kwamba uamuzi wake haukuwa na muda ndani yake. Alijiwekea bei ya kuuzia, dola 3, lakini hakujiuliza hisa ingehitaji kuwa wapi ili opsheni iwe dola 3, na siku gani. Jumanne ingehitaji kufika takriban 207. Ijumaa jioni ingehitaji kufika 210. Kila siku aliyosubiri, lengo lile lile lilihamia mbali zaidi bila yeye kuligusa. Mwenye hisa anaweza kusema "nitauza ikifika bei fulani" akaenda kulala. Mwenye opsheni ya wiki anayesema hivyo ameacha nusu ya sentensi.

Kuna jambo jingine kwenye Ijumaa yake ambalo lilinitisha zaidi kuliko hasara. Alikuwa akiomba hisa ivuke 207 dakika za mwisho. Opsheni ikimaliza juu ya bei ya makubaliano hata kwa senti moja, kwa kawaida hutekelezwa yenyewe: mwenye mikataba minne ananunua hisa 400 kwa dola 207, yaani dola 82,800, kwenye akaunti ya dola 4,000. Madalali wengi huziuza opsheni za mteja wa namna hiyo kabla ya soko kufungwa, lakini si jambo la kutegemea, na yeye hakujua hata kidogo kwamba lipo. Hisa kuishia 205.50 kulimwepusha na tatizo ambalo hakuwa na habari nalo.

## Maoni sahihi, chombo kisicholingana

Nilimwomba tukokotoe jambo moja. Tuseme Jumatatu ile ya kwanza, akiwa na maoni yale yale, angenunua mkataba mmoja wa bei ya makubaliano 205 wenye siku 30 za soko, yaani wiki sita. Ungemgharimu takriban dola 6.50 kwa hisa, dola 650. Siku kumi baadaye, hisa ikiwa 207, ungekuwa na thamani ya takriban 8.30. Faida ya dola 180, kwa mwendo ule ule wa hisa uliompotezea 940.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini huo ulikuwa ghali." Nikamwambia ahesabu tena yupi alikuwa ghali kwa siku.

Hesabu hiyo ina upande wa pili, na ni haki niuseme. Mkataba mrefu unaweka pesa nyingi zaidi mezani. Kama hisa ingeshuka hadi 190, angepoteza sehemu kubwa ya dola 650, na muda mrefu usingemwokoa. Opsheni ndefu hairekebishi maoni mabaya. Inachofanya ni kuyapa maoni ya wiki chache wiki chache za kuishi.

## Matokeo

Alikubali kukaa wiki mbili bila kununua. Kila jioni aliandika kwenye daftari bei ya hisa na bei ya opsheni moja aliyoichagua, kisha akagawanya badiliko katika sehemu mbili: kiasi kilicholetwa na bei, na kiasi kilichochukuliwa na muda. Siku za kwanza alikosea kugawanya. Kufikia wiki ya pili aliweza kutabiri badiliko la kesho kwa tofauti ya senti chache, ukimpa mwendo wa hisa.

Baada ya hapo alinunua mkataba mmoja tu: hisa ikiwa 208, bei ya makubaliano 210, siku 30 za soko zikibaki, kwa dola 8.13. Kwa akaunti yenye dola 3,060 ulikuwa bado mkubwa mno, na nilimwambia hivyo. Alijibu kwa kuweka mipaka miwili kabla ya kuingia: angetoka opsheni ikishuka hadi dola 6, na angetoka baada ya siku 10 za soko, lolote litakalokuwa. Nilimkumbusha kwamba mpaka wa bei unaweza kurukwa hisa ikifunguliwa chini sana asubuhi. Mpaka wa siku hauwezi kurukwa, na ndio niliofurahi kuuona.

Siku ya kumi hisa ilikuwa 211. Opsheni ilikuwa na thamani ya 8.05, akauza kwa 8.00. Hasara ya dola 13 na ada ya dalali.

Alinitumia picha ya ukurasa wa daftari jioni ile. Mstari wa mwisho ulisomeka: siku 10, bei imeleta 1.59, muda umechukua 1.67, senti 5 nimeziacha kwenye kuuza. Chini yake alikuwa ameandika swali ambalo bado tunalifanyia kazi: hisa ingehitaji kufika 211 siku ya ngapi ili mkataba huu ulipe?